Sabuni Iliyo Kwenye Chaga Bado Haijawa Bidhaa

Katika kundi letu la kujisomea uhasibu, swali linalorudi kila muhula ni la taarifa ya gharama za utengenezaji. Wengi wanaikariri kama mlolongo wa mistari, huu unajumlishwa na ule unatolewa. Likija swali lililopangwa kwa namna nyingine, mlolongo unavurugika. Mimi naona ni rahisi zaidi kuufuata mzigo wenyewe unavyotembea kiwandani, na kuziacha namba zije nyuma yake.

Tuchukue kiwanda kidogo cha sabuni ya kufulia hapa Bujumbura. Mafuta ya mawese yanatoka Rumonge kwa lori, kostiki soda inanunuliwa kwa waagizaji. Mafuta yanachemshwa na kostiki, uji unamiminwa kwenye fremu, unapoa, unakatwa miche, na miche inapangwa kwenye chaga ikauke. Ikikauka inapigwa muhuri, inatiwa katoni na kuingizwa ghala la mauzo. Kiwanda na tarakimu zake nimevitunga kwa ajili ya somo, na kila kiasi ni cha mwezi mmoja, kwa faranga milioni.

Mzigo huo unapita vituo vitatu: ghala la malighafi, karakana, na ghala la bidhaa zilizokamilika. Kila kituo kina hesabu ileile: kilichokuwepo mwanzo, jumlisha kilichoingia, toa kilichobaki mwisho, jibu ni kilichotoka. Na kilichotoka kituo kimoja ndicho kinachoingia kinachofuata. Ukilishika hilo, hutauliza tena kwa nini mstari fulani unajumlishwa na mwingine unatolewa.

| | Faranga milioni |
|---|---|
| Malighafi mwanzo wa mwezi | 12.0 |
| Manunuzi pamoja na nauli ya kuyaleta | 63.0 |
| Toa: malighafi mwisho wa mwezi | (15.0) |
| Malighafi iliyotumika | 60.0 |
| Ujira wa wafanyakazi wa uzalishaji | 18.0 |
| Gharama nyingine za kiwanda | 18.0 |
| Gharama zilizoingia karakanani mwezi huu | 96.0 |
| Kazi isiyokamilika, mwanzo | 8.8 |
| Toa: kazi isiyokamilika, mwisho | (12.8) |
| Gharama ya bidhaa zilizotengenezwa | 92.0 |

Katika mwezi huo katoni 4,600 ziliingia ghala la mauzo, kwa hiyo kila katoni imegharimu faranga 20,000. Ghalani zilikuwepo katoni 1,000 tangu mwezi uliopita, za gharama hiyohiyo, na mwisho wa mwezi zilibaki 1,100. Milioni 20 jumlisha 92 toa 22 ni milioni 90, gharama ya katoni 4,500 zilizouzwa. Kila moja iliuzwa faranga 27,000, mauzo yakawa milioni 121.5, na faida ghafi milioni 31.5. Angalia kwamba ghala la bidhaa zilizokamilika halimo kabisa kwenye taarifa ya juu. Taarifa ile inaishia kwenye mlango wa karakana.

Gharama nyingine za kiwanda, zile milioni 18, ni umeme na kuni za kuchemshia, mshahara wa msimamizi wa karakana, uchakavu wa mitambo na matengenezo. Nauli ya lori linalotoka Rumonge imo katika bei ya mafuta, lakini nauli ya gari linalopeleka katoni madukani haiingii hapa, kwa kuwa sabuni ilishakamilika. Ni gharama ya kuuza, na itatolewa baada ya faida ghafi.

Sasa mistari miwili inayostahili kutiliwa shaka. Wa kwanza ni malighafi iliyotumika. Ile milioni 60 hakuna aliyeipima. Imepatikana kwa kutoa. Maana yake ni kwamba pipa lililovuja, na lililoibwa pia, limehesabiwa kuwa limechemshwa likawa sabuni. Dawa yake ni hati za kutolea malighafi, zile anazosaini mtunza ghala kila anapotoa pipa. Zijumlishe kwa gharama ileile. Zikitoa milioni 58.2, basi malighafi ya milioni 1.8 haikufika kwenye sufuria, na kabla ya kuisukumia kwenye gharama ya sabuni, mtu aulizwe.

Wa pili ni kazi isiyokamilika ya mwisho, na hapa ndipo faida hupikwa. Tarehe ya mwisho wa mwezi, kwenye chaga kuna miche inayotosha katoni 800. Ukiitazama ni sabuni tayari: imekatwa, ina umbo. Lakini bado ina unyevu, haijapigwa muhuri wala kufungwa. Mafuta na kostiki vimeshaingia vyote, ila ujira na gharama nyingine za kiwanda zimefika nusu tu. Katika ile faranga 20,000 ya katoni kamili, malighafi ni 12,000, na kazi pamoja na gharama nyingine ni 8,000. Kwa hiyo ya kwenye chaga inathaminiwa hivi:

800 × 12,000 = 9,600,000
800 × 8,000 × ½ = 3,200,000

Jumla ni milioni 12.8, ndiyo iliyo kwenye jedwali. Huwezi kutumia nusu kwa kila kitu, kwa sababu mafuta hayaingii nusunusu. Yote humiminwa siku ya kwanza. Uliza kila mara malighafi inaingia hatua gani, maana kuna viwanda ambavyo nyingine huongezwa mwishoni. Maboksi ya katoni, kwa mfano, hapa nimeyaacha kando ili somo lisirefuke.

Tuseme karani ameiandika miche ile kwa faranga 20,000 kwa katoni, kana kwamba imekamilika. Kazi isiyokamilika inakuwa milioni 16. Gharama ya bidhaa zilizotengenezwa inashuka hadi 88.8, na ghala la mauzo likiachwa na thamani yake ya milioni 22, faida ghafi inapanda hadi milioni 34.7. Milioni 3.2 zimezaliwa bila kuuzwa hata mche mmoja.

Mwenye duka lake peke yake huenda asione madhara. Lakini wapo wanaoendesha biashara ya namna hii kwa mudharaba: mmoja ametoa mtaji, mwingine anatoa kazi, wamekubaliana, tuseme, asilimia 60 kwa 40 ya faida. Wakigawana kwa hesabu hiyo, mwendeshaji anachukua milioni 1.28 ambayo haijapatikana. Mwezi unaofuata ile milioni 16 inakuwa salio la mwanzo, gharama inapanda kwa 3.2, na faida inashuka kwa kiasi kilekile. Ikiwa wakati huo mbia mmoja ameshajitoa, aliyebaki ndiye anayebeba upungufu.

Unatambuaje? Gawa gharama ya bidhaa zilizotengenezwa kwa idadi ya katoni zilizopokelewa ghala la mauzo, ukitumia daftari la mtunza ghala, si la karani. Milioni 88.8 kwa katoni 4,600 ni kama faranga 19,304. Katoni imeshuka karibu faranga 700, na bei ya mafuta haikushuka, wala ujira, wala umeme. Hapo acha kalamu, nenda karakanani, uguse miche iliyo kwenye chaga.