Dondoo muhimu: Rezista ikae mlangoni, si kwenye paneli

Swichi ya sumaku ya mlango ikiungwa kwa nyaya mbili tupu, paneli ya king'ora hujua jambo moja tu: umeme unapita au haupiti. Mwizi anayejua kazi atazichuna nyaya mchana na kuzigusanisha, na usiku mlango utafunguka kimya.

Kinga yake ni rezista mbili za kiloomu 4.7. Ya kwanza ifunge kwenye skrubu zile zile mbili za swichi, iwe sambamba nayo. Ya pili iunge mfululizo na waya mmoja unaokwenda kwenye paneli. Zote zifiche ndani ya kasha la swichi. Mafundi wengi huziweka kwenye paneli kwa sababu ni rahisi, lakini hapo nyaya za ukutani hubaki bila ulinzi wowote.

Kabla ya kuunga paneli, pima nyaya kwa multimita. Mlango ukifungwa, usomaji uwe karibu kiloomu 4.7, ukifunguliwa, 9.4. Sifuri maana yake nyaya zimegusana, na usomaji usio na kikomo maana yake waya umekatika. Soma kwanza kitabu cha paneli yako, maana nyingine hutaka rezista za thamani tofauti.

Kwenye mlango wa chuma, inua swichi na sumaku kwa vipande vya plastiki. Chuma huvuta nguvu ya sumaku, na king'ora huanza kulia ovyo upepo ukitikisa mlango.