Faida ya Juni imetoka wapi? Hesabu ya mafuta ya alizeti yaliyobaki stoo

Kikundi kimoja cha wakamuaji alizeti hapa Singida kilinijia na daftari mbili za mwezi mmoja. Ya mweka hazina inasema Juni wamepata faida ya shilingi 2,400,000. Ya katibu inasema 1,600,000. Wanachama wanataka kugawana, na wameshaanza kutazamana vibaya. Nimezikagua zote mbili na hakuna aliyeiba wala aliyekosea kujumlisha. Namba nimezilainisha kidogo ili tufuatane.

Lita moja inauzwa 6,000. Mbegu, umeme na dumu, ukishatoa hela ya mashudu, vinakula 4,000 kwa lita. Hizo ni gharama badilifu: usipokamua, hazipo. Halafu kuna kodi ya banda na mishahara ya fundi mashine na mlinzi, jumla 2,400,000 kwa mwezi, ukamue usikamue. Hizo ni gharama za kudumu.

Juni mbegu ni nyingi, wakakamua lita 3,000. Wakauza 2,000, zikabaki 1,000 stoo.

Katibu anatumia njia ya gharama badilifu. Kila lita iliyouzwa inaacha 2,000, kwa hiyo lita 2,000 zimeacha 4,000,000. Anatoa kodi na mishahara yote ya mwezi, inabaki 1,600,000. Yale mafuta ya stoo anayathamini kwa 4,000 tu kila lita.

Mweka hazina anatumia njia ya gharama kamili. Yeye anasema banda na fundi vilihusika kutengeneza lita zote 3,000, basi kila lita ibebe sehemu yake: 2,400,000 gawa kwa 3,000 ni 800. Lita moja kwake imegharimu 4,800, inaacha 1,200. Mara 2,000 zilizouzwa, ni 2,400,000.

Tofauti ni 800,000. Iko wapi? Iko stoo, ndani ya madumu. Lita 1,000 zimebeba 800 kila moja ya kodi na mishahara ambayo kikundi kimeshalipa, ila kwenye daftari la mweka hazina bado haijahesabiwa kuwa matumizi. Inasubiri mafuta yauzwe.

Tazama Julai sasa. Mbegu zimepungua, wamekamua lita 1,000 tu, wakauza tena 2,000: zile za Juni na hizi mpya. Kwa katibu mauzo ni yale yale, faida ni ile ile 1,600,000. Kwa mweka hazina, lita za Julai zimebeba 2,400 kila moja, maana banda lile lile limegawiwa lita chache. Lita moja mpya imegharimu 6,400, inauzwa kwa hasara ya 400. Zile za Juni zinaleta 1,200,000, za Julai zinakula 400,000, inabaki faida ya 800,000. Jumlisha miezi miwili: wote wana 3,200,000. Stoo ikijaa, gharama kamili inaonyesha faida kubwa zaidi. Stoo ikipungua, inaonyesha ndogo. Kilichokamuliwa kikiuzwa chote mwezi huo huo, na stoo ilianza tupu, wanalingana.

Na hapa ndipo kugawana kunapouma. Juni walipokea 12,000,000 za mauzo, wakatoa 12,000,000 za mbegu na vingine, pamoja na 2,400,000 za kodi na mishahara. Sanduku limepungua 2,400,000 mwezi ule ule ambao daftari linasema faida! Hata 1,600,000 ya katibu haipo mkononi, imegeuka mafuta. Niliwashauri wasigawane kitu hadi lita zile ziuzwe.

Kuna mchezo mwingine wa kuuangalia, hasa kama meneja wenu analipwa bonasi kwa faida. Juni ile angekamua lita 4,000 badala ya 3,000, kodi na mishahara vingeshuka hadi 600 kwa lita, na faida ya gharama kamili ingepanda hadi 2,800,000 bila kuuza hata dumu moja la ziada. Wakati huo stoo lita 2,000 zinasubiri joto zichache.

Msilitupe daftari la mweka hazina lakini. Hesabu za kutoa nje, kwa kufuata kanuni ya kimataifa IAS 2, hutaka stoki ibebe sehemu ya gharama za kudumu za uzalishaji, zikigawiwa kwa uwezo wa kawaida wa mashine. Kwa hiyo mwezi wa uzalishaji mdogo kama Julai, mkaguzi hatakubali lita ya stoo ibebe 2,400. Na mafuta yakishuka bei chini ya gharama yake, stoki huthaminiwa kwa kile kitakachopatikana ukiuza.

Kwa maamuzi ya kila siku, mfano mteja anataka lita 500 kwa 5,000 na mashine imelala, daftari la katibu ndilo linalojibu haraka. Mnaweza kuweka yote mawili. Kila mwisho wa mwezi chukueni gharama za kudumu zilizomo kwenye stoki ya kufungia, mtoe zilizokuwemo kwenye stoki ya kufungulia. Jibu lilingane na tofauti ya faida zenu mbili. Lisipolingana, nendeni stoo mkahesabu madumu upya.