Usimvike unesi usio wake

Sista wa Malindi,

Nimecheka peke yangu nilipofika pale unaposema tafsiri imefanywa na kijana wa ufukweni, tena kwa bei ya soda mbili. Halafu nikafika kwenye kiini cha barua yako na kicheko kikaniisha.

Kama nimekuelewa, binti aliyehudumia wazee chini yako kwa miaka mitatu anaomba kazi kwenye makao ya wazee huko Italia. Alikuomba barua ya kumshuhudia, nawe ukaiandika kwa Kiswahili, kwa moyo mweupe. Imerudi kwa Kiitaliano, nafasi ya sahihi yako ikiwa tayari chini, na katikati ukaliona neno ambalo hata wewe umelitambua: infermiera. Ulipomuuliza alikujibu, "Si hata wagonjwa wananiita nesi, Sista?" Sasa unahisi ukisaini utakuwa umedanganya, na usiposaini utakuwa umemfungia riziki.

Usisaini, dada. Lakini ondoa kwanza hilo wazo la kumfungia riziki, maana hapo ndipo ulipojitesa bure.

Binti hajakosea kuhusu wodi yenu. Kwetu anayevaa sare na kushika beseni ni nesi, awe amesoma au hajasoma. Kule infermiera ni mtu wa shahada ya chuo kikuu ya miaka mitatu, na jina lake limo kwenye daftari la wauguzi. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa la jinai. Wewe mwenyewe una namba yako ya usajili na unajua ulivyoipata. Meneja wa makao akisoma infermiera, swali lake la kwanza litakuwa namba ya binti iko wapi. Haipo. Kuanzia hapo hata yale ya kweli uliyoandika atayasoma kwa jicho la pembeni.

Kinachosikitisha ni kwamba uongo huo hauna hata faida. Kuogesha, kulisha, kubadilisha nguo na kumtoa mzee kitandani hadi kwenye kiti ndiyo kazi ya wale wanaowaita operatore socio-sanitario, kwa kifupi OSS. Makao mengi huwahitaji hao kuliko wauguzi. Nao wana cheti chao: tangu makubaliano ya serikali na mikoa ya mwaka 2001, mafunzo yake hayapungui saa 1,000. Barua yako haiwezi kusimama mahali pa cheti hicho, na umwambie binti hivyo waziwazi. Awaulize wenye makao wanamtaka kwa nafasi gani na kwa karatasi zipi, kabla hajauza hata kuku mmoja kwa ajili ya nauli.

Sasa tuifungue barua yenyewe. Umeandika kwamba "alitoa dawa bila kukosea." Najua ulitaka kumsifu. Lakini huko kumpa mgonjwa dawa ni kazi ya muuguzi, na mhudumu humsaidia tu mzee kumeza alichoandaliwa. Sentensi yako itasomeka kana kwamba wodi yako humwachia asiye muuguzi kabati la dawa. Hebu jiulize ilikuwaje hasa. Ikiwa wewe ulipanga vidonge, yeye akasimama na maji mpaka mzee akameza, kisha akaja kukuambia nani amekataa, basi liandike hivyo hivyo. Na kama kweli alikuwa akifungua kabati mwenyewe, mimi na wewe tuna mazungumzo mengine, na hayahusu Italia.

Halafu zile sifa. Mchapakazi, mwaminifu, mpole, ana hofu ya Mungu. Zote nazikubali, ila meneja huyo amezisoma kwenye barua ya kila mwombaji na hana namna ya kuzipima. Kwenye ukurasa wa pili umemtajia kisa kimoja, kama mtu anayepita tu: alfajiri, akimgeuza mama mmoja aliyepooza, aliona wekundu juu ya kitako usiopotea alipoubonyeza kwa kidole. Akakuita kabla ngozi haijachanika. Mkaongeza kumgeuza, na kidonda hakikutokea.

Sista, hicho ndicho cha kuwekwa mbele! Yeyote aliyewahi kusimamia wazee wasioinuka anajua uzito wake. Kinamwambia kwamba binti huangalia ngozi wakati wa kugeuza, anaijua dalili, na haoni haya kumwamsha mkubwa wake. Kiandike kwa sentensi nne, bila jina la mgonjwa, bila kijiji chake, bila namba ya kitanda. Umri wa kukadiria na hali yake vinatosha. Kabla yake weka mwezi na mwaka alioanza na alioacha, idadi ya vitanda, na wazee wa aina gani: wanaotembea, wanaosaidiwa, wasioinuka kabisa. Baada yake taja kile unachojua kwamba binti bado hakijui. Kama hajawahi kutumia mashine ya kumwinua mgonjwa kwa sababu hamna, sema hamna. Barua isiyo na upungufu wowote haiaminiki, hata kwa Kiitaliano.

Kuna mtego mwingine ambao sidhani kama umeuona. Umeandika zamu ya "saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi." Kijana wako wa ufukweni amezihamisha saa kama zilivyo, na kwa Mwitaliano saa 1 ya usiku ni baada ya usiku wa manane. Kwa hesabu hiyo, binti aliyekesha nawe saa 12 ataonekana ameingia kazini wodi ikiwa imelala fofofo. Andika 19:00 hadi 07:00 tangu kwenye nakala ya Kiswahili, na hakuna atakayepotea.

Kuhusu kijana huyo, simdharau. Anaweza kuuza safari ya mashua kwa Kiitaliano kitamu. Lakini vidonda vya kulala vinaitwa piaghe da decubito, na neno hilo halisikiki ufukweni. Tafuta mtu aliyewahi kufanya kazi ya hospitali au misheni kwa lugha hiyo. Kisha mpe tafsiri mtu mwingine ambaye hajaiona barua yako, akuambie kwa Kiswahili imesema nini. Utasikia mara moja palipoongezwa chumvi.

Sahihi yako na mhuri viende kwenye Kiswahili chako tu. Mfasiri asaini karatasi yake, aseme ndiye aliyeifasiri, na zote mbili zitumwe pamoja. Hivyo hutatia mkono kwenye maneno usiyoyasoma. Tafsiri ya kuapishwa mahakamani kwa kawaida huombwa kwa vyeti. Kwa barua ya namna hii, makao yenyewe yaseme kama yanaihitaji kabla hamjalipa.

Binti akinuna, mwache anune siku mbili. Mwite, msomee kile kisa cha alfajiri jinsi ulivyokiandika upya, na umuulize kama ndivyo ilivyokuwa. Labda yeye anakumbuka jambo ambalo wewe umelisahau.

Mwisho weka namba yako ya simu ikianza na +254, na jina la mwenzako anayeweza kujibu kwa Kiingereza iwapo wewe hutaki. Kumbuka wako nyuma yetu kwa saa moja majira yao ya joto, na saa mbili majira ya baridi, kwa hiyo wakipiga alasiri yao huenda simu ikakukuta ukikabidhi zamu ya jioni. Waandikie saa unazopatikana.