Tovuti Imegoma, au Kivinjari Chako?

Wanachuo wenzangu, wakati wa mafunzo ya ualimu kwa vitendo tunatawanyika, na ripoti tunazituma kwa mtandao. Ukurasa ukigoma siku ya mwisho, kila mtu anasema, "Tovuti iko chini." Inawezekana. Lakini inawezekana pia tovuti iko salama na kilichoharibika ni profaili ya kivinjari chako. Kuna kipimo cha dakika tano kinachokuonyesha ni kipi.

Profaili ni folda ambamo kivinjari kinaweka mambo yako yote: vidakuzi, nywila, alamisho, mipangilio na viongezi. Folda hiyo haikai pamoja na programu yenyewe. Ndiyo maana mtu anafuta Firefox, anamaliza bando kuipakua upya, na tatizo analikuta palepale: programu ni mpya, folda ni ile ile.

Mwaka huu niliona mfano mzuri. Wenzangu wawili, mmoja akiwa Kasulu na mwingine Kibondo, walinipigia simu jioni moja. Wote walishindwa kuingia kwenye tovuti ya kuwasilishia ripoti. Yule wa Kasulu alikuwa akiweka nywila sahihi, ukurasa unazunguka kidogo, kisha unamrudisha palepale pa kuweka nywila. Yule wa Kibondo alipata ukurasa mweupe wenye maneno "503 Service Unavailable". Niliwaambia wote wafungue Firefox na kuandika hivi kwenye sehemu ya anwani:

```
about:profiles
```

Hapo unabonyeza "Create a New Profile", unaipa jina, mfano "jaribio", kisha chini ya jina hilo unabonyeza "Launch profile in new browser". Linafunguka dirisha tupu kabisa. Usiweke kiongezi chochote, na usiingie kwenye akaunti ya Mozilla, maana inaweza kukurudishia mipangilio na viongezi vya zamani, na kipimo kikaharibika. Tumia kompyuta ile ile na mtandao ule ule, muda ule ule. Kitu kimoja tu ndicho kibadilike, yaani profaili. Dirisha la faragha halitoshi, kwa sababu bado linatumia mipangilio ya profaili ile ile.

Wa Kasulu aliingia mara moja. Basi, tovuti haikuwa na kosa. Wa Kibondo aliona 503 ile ile. Nikamwomba ajaribu kwa simu yake, kwa laini ya kampuni nyingine, ikawa vilevile. Hapo tatizo lilikuwa upande wa seva, na kazi iliyobaki ilikuwa kupiga picha ya skrini yenye saa na kumwandikia msimamizi kabla muda haujaisha.

Turudi Kasulu. Ripoti alishaituma kwa profaili mpya, lakini nywila zake zote zilikuwa kwenye ile ya zamani. Nilimuuliza kama tovuti nyingine nazo zinamtoa nje, akasema ndiyo, tangu laptopu ilipozimika ghafla umeme ulipokatika. Dalili hiyo inaelekeza kwenye faili la vidakuzi: tovuti inatoa kidakuzi cha kukutambua, kivinjari kinashindwa kukitunza, kwa hiyo ukurasa unaofuata haukujui tena. Kwenye about:profiles, chini ya profaili ya zamani, alibonyeza "Open Folder" mbele ya "Root Directory". Akafunga madirisha yote ya Firefox, kisha akabadilisha jina la faili cookies.sqlite kuwa cookies.sqlite.old. Alipofungua tena, Firefox ilitengeneza faili jipya na akaingia vizuri. Nywila hazikuguswa, kwa kuwa zinakaa kwenye logins.json na key4.db.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ukimaliza, hakikisha profaili ya zamani ndiyo yenye "Default Profile: yes", kama siyo, bonyeza "Set as default profile". Usikimbilie "Remove", na ukiulizwa kuhusu kufuta mafaili, "Delete Files" inaondoka na nywila zako.

Pili, profaili mpya ikishindwa, usiilaumu tovuti moja kwa moja. Profaili zote mbili zinatumia saa, programu ya kuzuia virusi na mtandao wa kompyuta moja. Laptopu ambayo tarehe yake imerudi miaka ya nyuma itakataa vyeti vya usalama vya tovuti nyingi, hata ukitengeneza profaili kumi. Angalia saa kwanza, jaribu kifaa kingine kwenye mtandao mwingine, na vyote vikigoma kwa namna ile ile, hapo sema tovuti iko chini.