Andika Fidia Kwanza, Radhi Ifuate

Shaabani ndio mwezi wetu wa presha sisi madobi wa Dar es Salaam. Harusi zinasukumana kabla ya Ramadhani kuingia, na kanzu zinaletwa dukani kwa mafungu. Jumatatu moja ya mwezi huo, mteja alituwekea nyota moja kwenye ukurasa wetu wa Google, na chini yake akaandika:

“Msipeleke nguo hapa. Kanzu yangu ya tarizi imerudi nyuzi za shingoni zimekuwa njano na zinakatika. Kuuliza, naambiwa niliileta hivyo hivyo. Ijumaa namwozesha mdogo wangu, nivae nini? Wameniharibia nguo, halafu wameniita mwongo.”

Mpwa wangu, anayenisaidia mambo ya mtandao, alikuwa na jibu tayari kabla sijamaliza kusoma: “Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali fika ofisini kwa msaada zaidi.” Nikamwambia asibonyeze kitu. Sentensi ile naichukia. Nimeshaandikiwa na benki, na kampuni ya mabasi, na watu wa king’amuzi, na kila mara nimebaki najiuliza huo usumbufu ulijitokeza wapi na ulikuwa kazi ya nani. Na ile “fika ofisini” ni mbaya zaidi. Mtu ameharibiwa nguo, bado anatakiwa atoe nauli na nusu siku kuja kusimama mbele ya kaunta ile ile alikoitwa mwongo.

Wenzangu wenye biashara ndogo wameniomba niandike hatua nilizofuata. Nitaziandika kama nilivyozipitia.

Ya kwanza ni kujua kilichotokea kabla ya kuandika neno lolote hadharani. Daftari letu la mapokezi lina safu ya kasoro: doa, tundu, kifungo kilichokosekana. Kwenye mstari wa kanzu ile safu ilikuwa tupu, maana yake iliingia nzima. Kijana wa beseni, nilipomuuliza kwa utulivu, alisema aliiloweka pamoja na mashuka meupe ya nyumba ya wageni. Mashuka hayo huwa tunayatia jiki. Bahati kanzu yenyewe mteja aliiacha kaunta kwa hasira, nikaweza kuichunguza. Kitambaa kilikuwa melimeli safi, nyeupe kama ilivyotakiwa. Tarizi ya shingoni ndiyo iliyoungua.

Nikachomoa uzi mmoja wa tarizi, nikaushika kwa kibano, nikaugusisha moto wa kiberiti. Ulinuka nywele zilizoungua, na majivu yake yakasagika vidoleni. Ni hariri. Pamba hunuka karatasi, na poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Melimeli ni pamba, na pamba huvumilia jiki ikitiwa kwa kiasi. Hariri hutoka kwa mdudu, asili yake ni kama ya nywele, na jiki huila. Kwanza inakuwa njano, kisha inalegea na kukatika, na hakuna sabuni wala limau itakayoirudisha. Kwa hiyo mteja alisema kweli tupu. Kosa lilikuwa letu, na aliyemjibu kaunta alimnyima haki yake kwa woga.

Ukiyasoma tena maneno yake utaona yana malalamiko mawili. Kanzu ni moja. La pili ni kuitwa mwongo, na naamini hilo ndilo lililomfanya ashike simu kuandika. Wenye biashara wengi hujibu la kwanza tu, kisha wanashangaa mteja hapoi.

Sasa nije kwenye hatua ninayoitaka mwishike hata mkisahau nyingine zote. Andika fidia kwanza. Chukua karatasi, acha nafasi juu kwa ajili ya radhi, anza chini kwa kujibu mambo manne: anapata nini, cha thamani gani, kuanzia saa ngapi ya siku gani, na yeye afanye nini ili akipate. La mwisho likiwa refu kuliko mstari mmoja, fidia yako bado haijaiva. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokwepa, itimize fidia yenyewe kabla ya kuchapisha jibu. Pesa zitoke mfukoni kwako, kitu kinunuliwe, kiwe kinamsubiri. Ukiahidi kwanza ndipo ukatafute, utajikuta Alhamisi unatuma ujumbe wa pili wa kuomba radhi.

Nilifunga hesabu, nikaenda Kariakoo mchana ule ule na kanzu iliyoharibika mkononi ili nilinganishe kazi. Muuzaji wa kwanza akaniapia kwamba tarizi yake ni ya mkono. Nikageuza shingo ndani nje: nyuzi zimepita sambamba, zimelingana kila mahali, hakuna fundo hata moja. Mashine. Kazi ya mkono upande wa nyuma huonyesha mafundo na mishono inayopishana kidogo, kwa sababu mkono wa binadamu hupumzika na kuanza tena. Sina ubaya na kanzu ya mashine, ila bei ya mkono asiniuzie. Wa pili alikuwa nayo ya mkono lakini uzi wa poliesta unaong’aa kupita kiasi. Duka la tatu lilikuwa la mzee mmoja mpole, ambaye hakuapa kwa lolote, bali aligeuza kanzu yake mwenyewe kabla sijamwomba. Hariri, mkono, rangi ya maziwa kama ile iliyoharibika. Bei yake 180,000. Nikamlipa yote. Nikamwomba aweke kando na nyingine ya urefu wa juu kidogo, kwa sababu vipimo nilivyokuwa navyo ni vya kanzu iliyokwisha kufuliwa, na melimeli hurudi kidogo ikiingia maji. Tukakubaliana kwamba atakayekuja na risiti yetu yenye namba fulani achague mojawapo.

Nilifikiria kumpa fundi ashone tarizi upya kwenye kanzu ya zamani, ingenigharimu kidogo zaidi ya nusu. Lakini kazi ile ya mkono haimaliziki kwa siku tatu, na harusi ilikuwa Ijumaa. Fidia inayofika baada ya shughuli haimsaidii mtu aliyekosa nguo ya shughuli.

Kuna jambo moja kwenye risiti zetu. Nyuma yake pameandikwa kwamba nguo ikiharibika hatulipi zaidi ya mara kumi ya bei ya kufulia. Kufua kanzu ile ilikuwa 6,000, kwa hiyo ningeweza kumpa 60,000 na kumwonyesha maandishi. Niliona aibu hata kulifikiria. Kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya nguo iliyopasuka kwa uchakavu wake. Hii tuliiunguza sisi.

Jioni nilimpigia, hakupokea, na simlaumu. Nikamtumia ujumbe wenye jina la duka na mtaa. Ndipo nikajaza ile nafasi ya juu ya karatasi, na mpwa wangu akachapisha jibu hili:

“Assalaam alaykum kaka yangu. Mimi ndiye mwenye duka. Kanzu yako ililetwa nzima, daftari letu linaonyesha hivyo. Tuliiloweka na mashuka yenye jiki, na jiki ndiyo iliyounguza hariri ya tarizi. Haiwezi kutengenezwa kwa kufuliwa. Ulipouliza, ulijibiwa kwamba uliileta hivyo. Jibu lile halikuwa la kweli, na nakuomba radhi kwa hilo kuliko hata kwa kanzu. Kanzu nyingine ya melimeli yenye tarizi ya hariri ya mkono imeshalipiwa yote, inakusubiri kuanzia kesho Jumanne saa tatu asubuhi. Mahali nimekutumia kwa ujumbe wa simu. Nenda na risiti yetu tu, au mtume mtu nayo. Pesa ya kufulia, 6,000, imerudishwa kwenye simu yako leo. Kanzu ya zamani ni mali yako, tunakutunzia. Tangu leo kila kanzu yenye tarizi inafuliwa peke yake bila jiki.”

Angalieni yaliyoachwa. Jina lake halimo ingawa ninalo daftarini, wala namba ya simu, wala namba ya risiti. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, namba ya risiti ingewekwa hadharani mtu yeyote angeenda kuchukua kanzu ya mwenzake. Matapeli husoma malalamiko kuliko sisi wenye biashara. Mteja huyo alikuwa ameandika pia chini ya picha yetu Instagram, na kabla ya usiku akaunti yenye nembo yetu ya kuibwa ilikuwa imeshamwomba namba yake “kwa ajili ya kurudishiwa pesa”. Ndiyo sababu jibu linasema pesa imeshatumwa, wala halimwombi chochote.

Kijana wa beseni na dada wa kaunta hawamo. Duka ni langu. Mteja hakuingia mkataba na kijana, na anayesoma jibu akikuta umemtupia mfanyakazi anajua kesho utamtupia yeye. Miaka tuliyofanya kazi haimo, wala wateja wetu walioridhika.

Nyota hazikutajwa kabisa. Google hairuhusu mwenye biashara kutoa pesa au punguzo ili maoni yabadilishwe au yafutwe. Kuripoti maoni ili yaondolewe nako hufaa kwa yanayovunja kanuni zao, kama matusi au maoni ya mtu ambaye hakuwahi kuwa mteja. Ukweli unaokuuma hauondolewi. Lakini hata wangeruhusu, fidia yenye sharti la nyota naiona ni kumnunua mtu aliyekudai haki. Kanzu ilikuwa yake hata kama angeacha nyota moja milele.

Mambo mengine nayapitisha haraka. Ukurasa wako lazima uwe umethibitishwa ndipo uweze kujibu. Jibu siku ile ile ukiweza. Soma jibu kwa sauti mbele ya mtu asiyejua habari nzima. Usijibu usiku ukiwa na hasira.

Jumanne kabla ya adhuhuri mzee wa Kariakoo alinipigia kwamba mdogo wa mteja, bwana harusi mwenyewe, ndiye aliyekuja na risiti, na amechukua ile ndefu. Mteja alinitumia ujumbe mfupi: “Nimeipata dada, imenikaa.” Wiki iliyofuata alihariri maoni yake mwenyewe. Maneno ya mwanzo aliyaacha yote, akaongeza chini kwamba kanzu amelipwa na kwamba mwenye duka amekiri. Nyota zikawa tatu. Kwangu tatu hizo ni za haki, kwa sababu kanzu aliyoipenda haikurudi.

Nilirudi na mimi kwenye jibu letu. Google inakuruhusu kulihariri, na nashangaa ni wachache wanaoitumia nafasi hiyo. Msomaji anayelikuta miezi sita baadaye anaona ahadi, haoni kama ilitimizwa. Kwa hiyo niliongeza mstari mmoja mwishoni, bila kugusa yaliyotangulia: “Kanzu ilichukuliwa Jumanne. Ya zamani iko kwa fundi wa tarizi kwa gharama yetu, na mwenyewe amekubali kuisubiri.”