Kabla hujalipia programu ya wateja: hesabu rekodi, si wateja

Biashara yako imekua na daftari la wateja limejaa. Sasa unataka programu ya kuweka namba zao, oda zao na nani wa kufuatilia. Ukifungua ukurasa wa bei unakuta mipango mitatu au minne, kuanzia ya bure. Wengi huangalia bei tu, na hapo ndipo shida huanza. Tuchukue mfano wa duka la gesi pale Thika lenye wateja 400 na malipo 8 kwa siku.

Rekodi

Tuseme mpango wa bure unaruhusu rekodi 500. Mwenye duka anaona wateja wake ni 400, kwa hivyo anadhani atatosha. Lakini kwenye programu nyingi za aina hii, mteja ni rekodi moja, kampuni yake ni rekodi nyingine, na kila mauzo unayofungua ni rekodi tena. Akishaingiza wateja wote, nafasi zilizobaki ni 100. Akifungua mauzo mapya kwa kila malipo, yaani 8 kwa siku, siku ya 13 programu itakataa kuongeza chochote.

Suluhisho si lazima liwe kupanda mpango. Mtu aliyenunua mtungi na kulipa hana cha kufuatiliwa, na malipo yake tayari yako kwenye stetimenti. Fungua mauzo kwa yule anayehitaji kufuatiliwa pekee, kama shule iliyoomba bei ya mitungi 10.

Otomatiki

Hapa kinachohesabiwa ni kila hatua ambayo mfumo umekufanyia. Kwenye Zapier, kwa mfano, tukio linaloanzisha kazi halihesabiwi, lakini hatua nyingi zinazofuata zikifaulu zinahesabiwa. Programu nyingine huhesabu mzunguko mzima kama mmoja, kwa hivyo soma kwanza.

Mwenye duka anataka malipo yakiingia, mfumo utafute mteja, ubadilishe tarehe yake ya mwisho kununua, kisha utume SMS ya asante. Hizo ni hatua 3. Malipo 240 kwa mwezi mara 3 ni hatua 720. Kama mpango unaruhusu 500, zitaisha karibu tarehe 20. Hakuna kengele italia dukani. Huenda ukajua tu ukiona tarehe za wateja zimeganda, au ukifungua historia ya otomatiki ukute kazi zimesimamishwa.

Sasa fikiria: mteja akilipa kwa simu anapata ujumbe wa kuthibitisha malipo papo hapo. Ile SMS ya asante anaweza kuishi bila hiyo. Ukiiondoa, unabaki na hatua 480 na unaenea, ingawa Desemba mauzo yakipanda utapita.

Pipeline

Hii ni njia ambayo mauzo hupitia: ameuliza, amepewa bei, amekubali, amelipa. Mipango ya chini mara nyingi hukupa moja. Ya pili unaihitaji tu kama hatua zenyewe ni tofauti. Kwa duka letu, hoteli na shule zote hupitia hatua zilezile, kwa hivyo sehemu moja ya kuandika "aina ya mteja" inatosha. Akianza kazi ya kufunga mabomba ya gesi, yenye kwenda kupima, kufunga na kukagua, hapo ndipo pipeline ya pili itakuwa na maana.

Kuunganisha na malipo

Hiki ndicho kitu ambacho hakina njia ya mkato. Neno "integrations" kwenye mpango wa chini linaweza kumaanisha barua pepe na kalenda tu. Ili malipo yako ya Paybill yaingie yenyewe, tafuta maneno "API" na "Webhooks", kisha uangalie yako chini ya mpango gani. Yasipokuwepo kwenye ule unaotaka, utakuwa ukipakua stetimenti na kuingiza faili ya CSV kwa mkono.

Na hata ukiunganisha, usitegemee namba ya simu kumtambua mteja, kwa sababu taarifa ya malipo inaweza kuja namba ikiwa imefichwa. Mpe kila mteja namba fupi ya akaunti, mfano G017, aiandike anapolipa. Mfumo utamtafuta kwa hiyo.

Kwa hivyo duka letu linaweza kukaa na rekodi 500 na pipeline moja. Kitakacholipandisha mpango ni kuunganisha malipo. Kabla ya kulipia, waandikie wauzaji swali moja: "Taarifa za malipo yangu ya Paybill zitapokelewa kuanzia mpango gani, na kila malipo yatahesabiwa hatua ngapi?" Pia uliza kama bei ni ya biashara nzima au ya kila mtumiaji, maana wafanyakazi watatu wanaweza kuizidisha mara tatu.