Kifafa cha Mimba: Kwa Nini Magnesiamu?

SWALI: Wifi yangu, mjamzito wa miezi minane, alilalamika kuumwa kichwa na kuona maluweluwe, kisha akaanguka na kutetemeka mwili mzima. Hajawahi kuwa na kifafa. Hospitalini presha ilikuwa 170/110, akachomwa sindano za magnesiamu. Kwa nini hakupewa dawa ya presha tu?
Msomaji, Jangwani

JIBU: Hicho ni kifafa cha mimba. Chanzo chake ni kondo la nyuma lisilopata damu vizuri: hutoa kemikali zinazojeruhi mishipa ya damu ya mama. Mishipa ikibana, presha hupanda. Ile ya ubongo ikivuja, ubongo huvimba na degedege huanza.

Dawa ya presha huzuia kiharusi, lakini haizuii degedege. Kazi hiyo ni ya magnesiamu, inayotuliza ubongo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kwa wenye presha ya mimba, inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu.

Kwa kawaida huanza na gramu 4 mshipani, polepole, na 5 kila tako, kisha 5 kila saa nne, hadi saa 24 baada ya kujifungua au degedege la mwisho. Ikizidi, hudhoofisha pumzi. Ndiyo maana nesi humgonga mgonjwa goti, huhesabu pumzi na kupima mkojo: goti lisiporuka, dozi husimamishwa.

Tiba kamili ni kujifungua.